Macho ya mtoto: matone yaliyobaki au ya tyubu?

Mama Nuru, Mikindani
Wadau, mwanangu wa miaka mitatu kaamka macho yamegandana kwa tongotongo. Nina kloramfeniko ya matone, niliifungua Oktoba msimu wa korosho ulipoanza, na sasa ni Februari. Boksi linasema mwisho 2027. Niitumie, au ninunue tetrasaiklini ya mafuta, ile ya tyubu?

Kaka Mnazi
Tarehe haijapita, tumia. Mradi ilikaa kwenye friji.

Mama Nuru
Friji ipo, umeme ndio wa kubahatisha.

Mzee wa Dirishani, Lindi
Kaka, la friji uko sawa, matone hayo hukaa nyuzi 2 mpaka 8. La tarehe umekosea: ile ni ya chupa isiyofunguliwa. Ukishafungua, hesabu siku 28, kisha tupa hata ikibaki nusu. Ncha ikigusa kope, chupa ikirudi umbo lake baada ya kubinywa inafyonza uchafu ndani, na dawa kwa macho utaiona safi tu. Hiyo ya Oktoba itupe.

Kwa mtoto huyo mimi ningechukua tyubu. Matone huwekwa mara nyingi kwa siku, na akilia yanatoka na machozi. Mafuta yanakaa, ila ataona ukungu kwa muda, usishangae akijikwaa. Nawa mikono, futa tongotongo kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kila mfuto pamba mpya. Mlaze chali, vuta kope la chini, weka kama sentimita moja bila ncha kugusa. Andika kwenye tyubu siku uliyoifungua, nayo ni siku 28.

Bi Mkubwa wa Shangani
Mie nina presha ya macho, nimepewa chupa mbili. Nikidondosha zote zinaishia shavuni. Hizo nazo ni za watoto?

Mzee wa Dirishani
Shikamoo bibi. Zako ni nyingine kabisa, usiziache. Jicho halibebi zaidi ya tone moja. Dondosha la kwanza, fumba, bana kona ya jicho karibu na pua dakika moja au mbili. Subiri zitimie tano ndipo uweke la pili.

Mama Nuru
Tyubu nimepata, ila niliisahau juani kwenye bajaji, imekuwa kama maji. Na dada yake jicho limeanza kumuwasha. Watumie moja?

Kaka Mnazi
Ndugu wa tumbo moja, shida iko wapi?

Mzee wa Dirishani
Shida ni kupokezana ugonjwa. Kila mtu na tyubu yake, na taulo yake. Hiyo iliyoyeyuka iache ipoe, kisha binya kidogo kwenye karatasi. Na mtoto akikimbia mwanga, akilalamika jicho linauma, au siku mbili zikipita bila nafuu, mpeleke hospitali ya Ligula.

Mama Nuru
Imepoa. Imeganda, ila imetangulia kutoa mafuta mepesi pembeni.

Kaka Mnazi
Si uikoroge tu kwa vidole?

Mzee wa Dirishani
Wapo watakaokwambia hivyo. Mimi singeiweka jichoni. Nunua nyingine, ni bei ndogo, na safari hii ifunge kwenye khanga.