Namba ya hataza inaanza na WO: je, kweli ni "hataza ya dunia nzima"?

FundiVali:
Wakuu, naomba msaada wenu kabla sijaweka saini. Kuna mtu anataka kuniuzia leseni ya kutengeneza vali ya pampu. Anasema ina hataza ya dunia nzima, na kama ushahidi amenitumia ukurasa wa kwanza wa hati wenye namba hii (tarakimu za mwisho nimezificha):

```
(10) WO 2020/18xxxx A1
(21) PCT/CN2020/07xxxx
(22) 10.03.2020
(30) 201920xxxxxx.x  14.03.2019  CN
(43) 17.09.2020
```

Maswali yangu ni mawili. Je, WO inamaanisha inalindwa kila nchi? Na iliombwa wapi hasa? Yeye anasema "Geneva", lakini mimi naona CN imeandikwa mara mbili.

Mpekuzi_77:
Mkuu, WO ni WIPO, yaani Shirika la Umiliki wa Akili Duniani, na makao yake ni Geneva. Ombi lolote la WO limepelekwa huko, kwa hiyo hapo hajakudanganya. Ila hataza ya dunia nzima haipo, usikubali neno hilo hata kidogo.

BiHataza:
Mpekuzi_77 yuko sahihi kwamba hataza ya dunia haipo, lakini suala la Geneva linahitaji marekebisho. Herufi mbili za mwanzo zinataja ofisi iliyochapisha hati. Hazisemi mvumbuzi ni wa wapi, wala ombi lilipokelewa wapi. Maombi yote ya Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza huchapishwa na WIPO, ndiyo maana yote yana WO. Ofisi iliyolipokea ombi inaonekana kwenye mstari wa (21), baada ya PCT, kifupi cha mkataba huo kwa Kiingereza. Hapa ni CN, yaani ofisi ya China. Lingekuwa limepelekwa moja kwa moja WIPO, ungesoma PCT/IB.

Sasa shuka mstari wa (30). Huo ndio unaoonyesha mahali ombi la kwanza kabisa lilipowekwa: China, tarehe 14 Machi 2019. Baada ya hapo mwombaji ana miezi 12 ya kupeleka kwingine akiwa bado anahesabiwa tarehe ile ya kwanza. Alipeleka tarehe 10 Machi 2020, siku chache kabla muda haujaisha. Uchapishaji hufuata miezi 18 baada ya tarehe ya kwanza. Hiyo ingekuwa 14 Septemba 2020, lakini WIPO huchapisha siku ya Alhamisi, ndiyo maana ikatoka tarehe 17. Tarehe zinashikana vizuri, kwa hiyo sioni dalili ya hati ya kughushi.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo 201920. Namba za maombi ya China huanza na mwaka, na tarakimu ya tano ndiyo inayotaja aina. 1 ni hataza kamili ya uvumbuzi, 2 ni hataza ndogo, 3 ni muundo wa umbo. Ya kwako ina 2. Hataza ndogo ya China husajiliwa bila ofisi kuchunguza kwa kina kama wazo ni jipya kweli, na hudumu miaka 10 tu tangu siku ya kuombwa. Hati yake utaijua kwa herufi U mwishoni, wakati uvumbuzi uliochunguzwa na kukubaliwa hubeba B. Muulize akuonyeshe hiyo CN yenye U.

FundiVali:
Asante sana dada. Na hiyo A1 mwishoni mwa WO? Yeye anasema A1 ni "daraja la juu kabisa".

BiHataza:
Hapana, si daraja. Kwenye WO, A1 ni ombi lililochapishwa pamoja na ripoti ya utafutaji, yaani orodha ya hati za zamani zinazokaribiana na wazo hilo, na A2 ni lililochapishwa bila ripoti. Vyote viwili ni maombi, hakuna aliyepewa haki yoyote hapo. Lakini kwa kuwa yako ni A1, ripoti imo mwishoni mwa hati hiyohiyo. Ifungue utazame safu ya kwanza ya jedwali. Ukikuta herufi X mbele ya hati ya zamani, mtafutaji anaona hati hiyo peke yake inatosha kupinga madai yaliyotajwa kwenye mstari huo.

Nembo_Yangu:
Samahani naingilia, nami nina jambo linalofanana. Msambazaji wangu anasema nembo yake imesajiliwa Ulaya, lakini kwenye TMview, hifadhi ya mtandaoni ya alama za biashara, namba inaanza na EM. Si ilitakiwa iwe EP? Naogopa nimetapeliwa.

Mpekuzi_77:
EP ni ya hataza tu, dada. Usitarajie kuiona kwenye nembo.

BiHataza:
Kweli kabisa. EM ni ofisi ya Umoja wa Ulaya ya alama za biashara na miundo, iliyoko Alicante. EP ni ofisi ya hataza ya Ulaya, taasisi nyingine kabisa, na nchi wanachama wake si wa Umoja wa Ulaya peke yao. Kwa hiyo EM si dalili ya utapeli. Angalia jambo moja: kama unauza Uingereza, EM haifiki huko tangu mwisho wa 2020. Alama za EM zilizokuwa tayari zimesajiliwa wakati huo zilipewa nakala ya Uingereza, na namba yake huanza na UK009. Kama ya msambazaji wako ilisajiliwa baadaye, lazima awe na usajili mwingine wa Uingereza.

FundiVali:
Turudi kwenye vali. Nitajuaje aliendelea nchi zipi?

BiHataza:
Hesabu miezi 30 kutoka 14 Machi 2019, unapata 14 Septemba 2021. Nchi nyingi hufunga mlango wa kuingiza ombi la WO hapo, na EP huongeza mwezi mmoja. Muda huo umeshapita, kwa hiyo orodha ya nchi haiwezi kukua tena kwa njia ya kawaida. Ingiza WO yako Espacenet, hifadhi ya hataza ya ofisi ya Ulaya, ufungue familia ya hati, yaani hati zote zilizotokana na ombi lile la kwanza, kisha PATENTSCOPE, hifadhi ya WIPO, kwenye sehemu ya `National Phase`. Kila nchi aliyoingia inapaswa kuwa na namba yake yenye herufi zake. Ofisi nyingine huchelewa kutuma taarifa au hazitumi kabisa, kwa hiyo kwa nchi utakayouza vali iulize ofisi yenyewe kwa maandishi.

Mpekuzi_77:
Na akikutajia EP, uliza kama ni A au B. B1 ndiyo iliyokubaliwa. Ikiwa B1, basi Ulaya yote imefungwa.

BiHataza:
Si yote. Baada ya B1 mwenye hataza huchagua nchi za kuithibitisha, au tangu Juni 2023 huomba iwe hataza moja ya pamoja kwa nchi za Umoja wa Ulaya zilizojiunga na mfumo wa hataza ya pamoja. Herufi EP peke yake haikwambii iko hai wapi.

FundiVali:
Nimerudi. Familia ina hati nne: CN yenye U, hiyo WO, EP yenye A1 ambayo rejista inasema ombi limehesabika kuwa limeondolewa, na US yenye B2. Nchi ninayotaka kuuza haimo, nimeiandikia ofisi yao nasubiri jibu. Ripoti ya utafutaji ina X mbili. Lakini kuna jambo sijalielewa: mwombaji kwenye WO ni kampuni ya huyu muuzaji, ila kwenye US B2 mmiliki ni kampuni nyingine.

BiHataza:
B2 ni hataza iliyokubaliwa ambayo ombi lake lilichapishwa kabla, kwa hiyo upande wa Marekani haki ipo, ada za kuitunza zikiwa zimelipwa. Jina kubadilika linaweza kuwa ni mauzo, kampuni kubadili jina, au kampuni tanzu. Namba haitakwambia. Tafuta kumbukumbu za uhamisho wa umiliki kwenye ofisi ya Marekani kwa kutumia namba hiyo ya US.

Nembo_Yangu:
Kama ameshaiuza ya Marekani, bado anaweza kukupa leseni ya kuuza huko?

FundiVali:
Ndilo nililomuuliza leo asubuhi. Hajajibu bado.