Imeili moja, Kiingereza viwili, na lawama zote kwangu!

KaraniWaMkonge: Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka. Niko ofisi moja hapa Tanga, tunauza mkonge nje. Wiki iliyopita nilimwandikia mnunuzi wa Uingereza: "sisal fibre", "colour", "centimetres". Imenyooka. Bosi akasema niiache wazi aipitie. Akanyofoa aya nzima kwenye imeili ya zamani tuliyomwandikia Mmarekani, akaibandika katikati. Ikaenda kwa jina langu.

Juzi mnunuzi kajibu. Alitafuta neno "fibre" kwa Ctrl+F ili akusanye masharti yote ya ubora. Sharti la ukavu halikutokea, maana aya ya bosi inasema "fiber". Anauliza kiungwana kabisa kama hiyo ni bidhaa nyingine! Bosi kanigeukia mbele ya watu: "Si wewe msomi wa Kiingereza?" Nikimwambia aya ni yake, eti Kiingereza ni Kiingereza. Na kompyuta haikupiga mstari mwekundu hata mmoja. Kwa nini?

DogoRaskazone: Umenena mkuu. Hata mimi wananikera wanaochanganya lugha. "Plizi naomba uniapdeti." Kiswahili kina kosa gani?

KaraniWaMkonge: Dogo, soma uzi kwanza.

MamaChumbageni: Pole mwanangu. Dawa ni rahisi: z ni ya Mmarekani, s ni ya Mwingereza. Badilisha z zote ziwe s, umemaliza.

MhaririMstaafu: Dada, hapo taratibu. Lile shirika la kazi la Umoja wa Mataifa jina lake ni International Labour Organization: "Labour" ina u ya Uingereza, na neno la mwisho lina z. Kamusi kubwa ya Oxford nayo huandika "organize". Na Mmarekani hana ruhusa ya kuandika "advertize", anatumia s kama sisi. Kwa hiyo z peke yake haikuambii mwandishi katoka wapi. Unachotakiwa ni kushika "organise" au "organize" moja mwanzo hadi mwisho, na majina ya watu na mashirika uyaache yalivyo.

Karani, unaandikia Gmail ndani ya Chrome? Fungua `chrome://settings/languages`, tazama sehemu ya ukaguzi wa spelingi. Nadhani Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani vyote vimewashwa. Vikiwashwa pamoja, neno likikubaliwa na kamusi moja tu linapita. "Fibre" inapita huku, "fiber" inapita kule. Zima kimoja. Halafu tuwekee hiyo aya.

KaraniWaMkonge: Kweli vyote vimewashwa! Sijui nani kawasha. Aya ni hii:

```
Fiber must be dry and free of tow.
Color as per sample.
Export license attached.
```

MhaririMstaafu: Zima cha Marekani, sasa "Fiber" na "Color" zitawekewa mstari mwekundu. Ila "license" itanyamaza, na hiyo ndiyo inayoaibisha watu. Kwa Mwingereza kibali chenyewe ni "licence", kitendo cha kutoa kibali ni "license". Maneno yote mawili yamo kwenye kamusi yake, kwa hiyo mashine haioni kosa. Vivyo hivyo "check" ukiwa unamaanisha hundi, yeye anataka "cheque". Hayo yatafute mwenyewe kwa Ctrl+F kabla ya kutuma.

MwenyeNyumbaPangani: Yangu ilikuwa tarehe. Mgeni wa Marekani aliandika 04/05, nikamwekea chumba tarehe 4 Mei. Akatokea tarehe 5 Aprili na begi lake, chumba kina watu.

MhaririMstaafu: Hilo si la spelingi, ila ni ugonjwa wa ukoo uleule. Mwezi uandike kwa neno.

KaraniWaMkonge: Sasa tuchague kipi? Wanunuzi wa pande zote mbili tunao.

MhaririMstaafu: Mimi humfuata msomaji. Wa London "fibre", wa New York "fiber".

MamaChumbageni: Hapo sikubali. Ndivyo aya za Mmarekani zinavyobaki kwenye makabrasha zikisubiri kubandikwa kwa Mwingereza. Ofisi ishike tulichosomea shuleni, cha Uingereza, kwa wote. Mmarekani ataelewa.

MhaririMstaafu: Ataelewa, lakini naye akitafuta "fiber" hapati kitu.

DogoRaskazone: Nimesoma uzi sasa. Mkonge wenyewe yule Mjerumani Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893. Kwa asili ni "fiber", bosi kashinda.

KaraniWaMkonge: Dogo usinitie wazimu. Nimeshaandika imeili ya masahihisho, "fibre" tupu, "licence" nimeibadilisha kwa mkono. Bosi kapita hapa sasa hivi. Kasema nisitume kwanza, niiache wazi aipitie.