Mrejesho: kidonda cha ghafla shavuni mwa mbwa wangu

Niliuliza: "Mbwa wangu alilala mzima, asubuhi nikamkuta na kidonda chenye majimaji chini ya sikio, kikubwa kama kiganja. Nimpake nini?"

Daktari wa mifugo alianza kwa kunyoa, na hapo ndipo tulipoona kuwa kidonda kilikuwa karibu mara mbili ya nilivyodhani, kwa sababu usaha ulikuwa umeyagandisha manyoya yakakifunika. Alikisafisha kwa klorheksidini iliyozimuliwa, akakikausha, akakiacha wazi bila bendeji ili kipate hewa. Spiriti niliyokuwa nimempaka, kwa bahati mbaya, ilikuwa imemuunguza tu.

Chanzo kilikuwa ndani ya sikio, ambamo mlikuwa na nta ya kahawia yenye harufu kali. Kwa kuwashwa huko alijikuna usiku kucha, kucha zikachubua ngozi, na bakteria wanaoishi hapo siku zote wakazaliana katika unyevu chini ya manyoya. Daktari alisema kwamba kidonda kingekuwa kiunoni, karibu na mkia, angetafuta viroboto kwanza.

Alimpa prednisoloni ya siku 5 ya kutuliza mwasho, dawa ya matone ya sikio, na kola ya plastiki ya kumzuia asijikune. Antibiotiki ya kumeza hakumpa, kwa kuwa pembezoni mwa kidonda hapakuwa na vipele, ambavyo vingeashiria kuwa maambukizi yamezama hadi kwenye vinyweleo.

Siku ya tatu kidonda kilikuwa kikavu. Matone ya sikio bado tunaendelea nayo.