Ruta sebuleni, chumba cha mwisho hakuna waifai. Antena niziweke vipi?

BabaZuhura: Wakuu, naombeni ushauri. Nipo Jinja, nyumba ya chini, kuta za matofali ya kuchoma, vyumba vinne kwenye korido moja. Ruta ipo sebuleni, ina antena mbili. Chumba cha mwisho anakosomea binti yangu, simu inasoma -83 dBm, masomo yanakatika ovyo. Nimezilaza antena zielekee huko, wapi! Jumamosi fundi anakuja.

MzeeWaNyaya: Hapo ndipo ulipokosea, ndugu. Mawimbi hutoka ubavuni mwa antena, yakaizunguka. Nchani ndiko yalikopungua kuliko kote. Umemwelekezea binti ncha. Zisimamishe wima zote mbili. Ila ruta yenyewe imekaa wapi hasa?

KijanaMbale: Moja wima, moja ilale. Kwangu ilikubali.

MzeeWaNyaya: Kwako gorofa? Iliyolala husaidia juu na chini. Yeye vyumba vyote viko usawa mmoja.

MamaShamim: Mimi nauliza, mtoto na intaneti chumbani peke yake ya nini? Wangu husomea sebuleni nikimwona. Na jirani alipopata neno la siri, bando letu lilikuwa haliishi wiki.

BabaZuhura: Nimezisimamisha. -81. Mzee, ruta imo kwenye kabati la chuma, nimeifungia kufuli. Mwaka jana niliibiwa, siwezi kuiacha wazi. Fundi atatoboa matundu nyuma ya kabati.

MzeeWaNyaya: Lo! Hilo ndilo la kuanza nalo. Wimbi la 2.4 GHz lina urefu wa sentimita 12 na kidogo. Tundu la kupitisha kidole halitoi kitu cha maana.

Msoga: Sebuleni inasoma ngapi?

BabaZuhura: -51.

Msoga: Chuma kimefungwa kwa kufuli, halafu sebuleni -51? Uzi wa kutunga huu. Kesho ataleta tangazo la ruta za kuuza.

BabaZuhura: Wallahi sitangazi kitu. Mlango wa kabati ni kioo, ndiyo maana taa zake naziona.

MzeeWaNyaya: Basi imeeleweka. Mawimbi yanatoka kiooni kwenda sebuleni, na mgongo wa chuma umegeukia vyumba. Itoe, iweke katikati ya korido juu ya kichwa cha mtu, antena wima. Pima ukisimama palepale kwenye meza ya binti, mlango umefungwa kama anavyosoma.

BabaZuhura: Nimevuta waya, nimeiweka juu ya rafu. -64! Somo zima halijakatika. Lakini usiku nimeirudisha kabatini.

KijanaMbale: Kabati la mbao je, korido?

MzeeWaNyaya: Mbao hupunguza kidogo tu. Kufuli litie, bawaba haziharibu kitu.

MamaShamim: Au binti ahamie sebuleni.

BabaZuhura: Korido haina soketi, na fundi wa matundu nimeshampa nusu ya hela. Nitamuuliza kama atakubali kunivutia umeme badala yake.