Mapambo ya unga wa chumvi yanatoka jasho, wanaofundisha mbona hawasemi ukweli?

nyota_sinza: Jamani nina hasira! Oda ya mapambo 40 ya Krismasi, nikafuata video, unga wa ngano vikombe 2, chumvi 1, maji, oveni 180 saa moja. Yametoka yamevimba katikati kama maandazi, nyufa zimeanzia tundu la uzi mpaka ncha za nyota. Nikarudia kwa moto mdogo yakatoka mazuri, siku hiyohiyo nikapaka gundi nyeupe ya mbao kama tulivyofundishwa kwenye darasa la kulipia. Wiki haijaisha, mvua za vuli hizi, nashika nyota kidole kinanata, nyuma kuna matone na chengachenga za chumvi. Mteja karudisha zote. Mwalimu umekula hela za watu hata neno unyevu hukulitaja!

wa_tabata: Pole. 180 ni kali mno, weka 100. Mi naanika tu juani siku 3 na chumvi napunguza, haijawahi kunisumbua.

mama_wawili: Kikombe kizima cha chumvi?? Mtoto akila biskuti hiyo si ataumwa

bibi_udongo: Mama, hayo ni ya kutundika, hayaliwi, na ukifuga mbwa tundika juu kabisa, chumvi ile inamdhuru.

Nyota, moto mkali unakausha ngozi ya juu, inajikunja wakati ndani bado kubichi, ndo inapasuka. Sukuma milimita 5 hivi, oka 100, geuza kila nusu saa, ukizima acha zipoe humohumo. Jua la Tabata sawa ila usiku uingize ndani, la sivyo zinayanywa maji upya. Kupunguza chumvi hakuondoi tatizo, chumvi hata kidogo, hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi inavuta maji, na Dar asubuhi nyingi tunapita hapo.

Kosa kubwa ni kuziba kabla haijakauka. Usiamini macho, tumia mizani ya jikoni. Nyota ya gramu 40 ikishuka 34, halafu 31, bado inatoa maji, endelea mpaka upime mara mbili, ukiachanisha nusu saa, isibadilike. Hapo ikipoa tu paka vanishi ya mafuta, mikono mitatu myembamba, kila mkono ukauke, mbele, nyuma, kingo na ndani ya tundu. Gundi nyeupe inalainika na unyevu.

wa_tabata: Vanishi nayo inageuka njano bibi, kwenye rangi nyeupe inaharibu.

bibi_udongo: Kweli, inageuka. Kwa nyeupe sijapata jibu zuri.

nyota_sinza: Nimepima sasa hivi, niliingiza ikiwa 42, saa ya tatu ni 35 na bado inashuka, na yule alisema saa moja! Zile 40 zenye gundi je, nikwangue kwa msasa nizirudishe oveni au ndo basi tena? Mteja anazitaka Ijumaa.