Picha inasema madoa yamepungua, kioo kinakataa

Mama Pacha: Habari zenu wadau. Nina madoa meusi mashavuni na wekundu pembeni mwa pua. Nimejipiga picha siku naanza dawa, nikapiga nyingine baada ya wiki 6. Ukizilinganisha, wekundu umekwisha kabisa. Nikijitazama kwenye kioo, uko palepale. Daktari anataka nimtumie picha. Niamini kipi?

Kijana wa Zamu: Amini kioo. Simu nyingi kamera ya mbele huja na Beauty imeshawashwa. Ishushe hadi 0, kazi imekwisha.

Dadake Juma: Dada, ni dawa gani hiyo? Mimi madoa yamenisumbua mwaka mzima.

Mzee wa Lenzi: Kijana kasema kweli nusu. Mama Pacha, ikuze picha ya pili uangalie nyusi. Nywele zikionekana mojamoja huku ngozi iliyo chini yake ni laini kama plastiki, haina hata kitundu, ujue imelainishwa. Hiyo programu huwa inatafuta ngozi tu, nywele inaziacha. Na picha ya pili ulivaa nini?

Mama Pacha: Nyusi kweli, kama ulivyosema! Nilivaa fulana nyekundu, na nilisogeza simu karibu sana.

Mzee wa Lenzi: Basi hapo ndipo penyewe. Kamera hukisia rangi ya taa kwa kuangalia kilichojaa kwenye picha. Ikikuta wekundu kila mahali, mara nyingi hudhani taa ndiyo nyekundu, inaupunguza kote, na wa puani unaondoka nao. Hili haliondoki hata ukizima Beauty.

Kaa karibu na dirisha mchana, jua lisikupige moja kwa moja, taa za ndani zizimwe. Mtu akupigie kwa kamera ya nyuma, bila flashi. Shika karatasi nyeupe kando ya shavu ionekane pichani. Karatasi ikitoka na ubuluu au unjano, rangi ya ngozi nayo si ya kuaminika.

Kijana wa Zamu: Mimi flashi naona inaonyesha vizuri zaidi.

Mzee wa Lenzi: Ngozi yenye mafuta inang'aa, na doa linamezwa na mng'ao. Tena kwa ngozi nyeusi wekundu wenyewe huonekana kama zambarau au kahawia iliyokolea, na simu ikiona uso mweusi hupenda kuungarisha. Gusa shavu kwenye skrini, kisha punguza mwanga kidogo.

Mama Pacha: Nimepiga upya, karatasi imetoka nyeupe. Madoa yote yapo, wekundu upo. Ila ya kwanza nayo nyusi ziko vilevile, ngozi plastiki. Kwa hiyo dawa imesaidia au la?

Mzee wa Lenzi: Kwa picha hizo mbili hakuna wa kukujibu, na ya zamani hairudishiki. Mtumie daktari hii ya leo pamoja na karatasi yake, na umwambie zile mbili zilikuwa na filta.

Dadake Juma: Jina la dawa jamani?