Ripoti ya bachi zinazokaribia kuekspaya: ipangwe kwa tarehe au kwa thamani?

stoo_wilayani
Wadau habari za jioni. Niko stoo ya dawa hospitali ya wilaya, kila mwanzo wa mwezi inchaji wa dirisha anataka listi ya bachi zitakazoisha muda ndani ya miezi sita ili ajue zipi zisukumwe kwanza. Data naitoa kwenye mfumo naiweka Eksel: jina la dawa, namba ya bachi, tarehe ya kuisha, idadi iliyobaki, bei. Sasa nimegawanyika. Nikipanga kwa tarehe halafu thamani, inayotangulia kuisha inakaa juu, sawa, ila vitu vya elfu tano vinajaa ukurasa wa kwanza na seftriaksoni ya laki saba iko ukurasa wa tatu. Nikipanga kwa thamani kwanza, cha kuisha wiki ijayo kinapotea chini. Nyie mnatumia ipi?

KaluluMfamasia
Thamani kwanza mkuu, bila kufikiria mara mbili. Bachi chache za juu ndizo zinabeba pesa nyingi, ukizidhibiti hizo umemaliza. Hizo za elfu tano zikiekspaya utaziandikia fomu tu.

dada_wa_dirishani
Kaka Kalulu hapo umesahau kitu, mimi ndiye ninayepokea hizo listi. Dawa ya elfu tano inayoisha Ijumaa ikibaki kwenye shelfu langu Jumatatu akapewa mgonjwa, hiyo siyo hesabu ya pesa tena. Mimi nataka tarehe iwe juu, thamani inisaidie kuchagua tu pale bachi nyingi zinapoisha kipindi kimoja.

Kemisti Kisumu
Mimi nina kemisti yangu huku Kisumu na kwangu ni tarehe tu. Sapulaya wangu anarudisha mali kama boksi halijafunguliwa na bado liko na miezi mitatu, ikipita hapo hasara ni yangu. So naangalia nani anakaribia ile miezi mitatu, bei baadaye. Sijui kama nyinyi wa hospitali za serikali mnaweza kurudisha.

stoo_wilayani
Dada Kisumu kurudisha kwetu siyo rahisi hivyo, tunachofanya zaidi ni kuhamishia kituo kingine chenye matumizi makubwa mapema kabla muda haujaisha. Ila hoja yako ya mpaka wa miezi mitatu nimeipenda.

Juma_wa_Taka
Habari, kama zimeshaekspaya zitenge mbali na zinazotumika, ziandikie orodha, halafu omba kibali TMDA kabla ya kuziteketeza, usichome mwenyewe nyuma ya jengo.

stoo_wilayani
Asante Juma, ila hizi bado hazijaisha muda, nataka zisifike huko.

MzeeWaLeja
Vijana, mnabishana kuhusu tarehe na thamani wakati tatizo liko kwenye tarehe yenyewe. Ukipanga kwa tarehe kamili halafu thamani, ile thamani karibu haifanyi kazi kabisa, maana inaangaliwa pale tu bachi mbili zinapokuwa na siku ileile. Bachi inayoisha tarehe 14 na ya tarehe 15 hazitalinganishwa kwa pesa kamwe. Ndiyo maana vitu vidogo vimejaa juu. Panga kwa mwezi wa kuisha, ndani ya mwezi ndiyo upange thamani kubwa kwenda ndogo. Hapo mnapata vyote viwili.

KaluluMfamasia
Hii imekaa vizuri mzee. Basi aigeuze kolamu yote ya tarehe iwe mwisho wa mwezi, nadhani ni hii:
```
=EOMONTH(C2,0)
```

MzeeWaLeja
Nusu sahihi Kalulu. Boksi likiandikwa 03/2026 bila siku, dawa inatumika mpaka 31 Machi, lakini Eksel ukiandika 03/2026 inaweka 1 Machi, kwa hiyo bila hiyo fomula unaitoa dawa nzima mwezi mmoja kabla. Hapo inafaa. Lakini boksi lenye siku kamili, mfano 14/03/2026, ukilipeleka 31 Machi umeiongezea dawa siku 17 ambazo haina. Kwa hiyo kolamu ya C ibaki na tarehe ya kweli, hiyo fomula ikae kolamu ya pembeni, tuseme G, kwa ajili ya kupanga tu, na thamani iwe H:
```
=SORTBY(A2:H300,G2:G300,1,H2:H300,-1)
```
Kama Eksel yako ni ya zamani haina hiyo, ingia Data, Sort, kisha Add Level, matokeo ni yaleyale. Na angalia, tarehe zikitoka kwenye mfumo kama maandishi zinasimama kushoto mwa seli na zinajipanga kwa namba ya siku, unakuta 01/12/2026 iko juu ya 15/03/2026. Ukiliona hilo usiendelee, zigeuze kwanza ziwe tarehe.

dada_wa_dirishani
Na bei jamani! Kuna mwezi parasetamoli ilikaa juu kabisa ya listi kwa mamilioni, kumbe bei ni ya kopo na idadi ni ya vidonge. Ukiona dawa ya bei rahisi imepanda kileleni anza kuangalia hapo.

MzeeWaLeja
Kweli kabisa. Ila mimi thamani yote ya bachi siitaki, nataka thamani ya kitakachobaki. Chukua mfano, leo ni 1 Machi 2026. Seftriaksoni vayo 600 kwa sh 1,200 ni 720,000, inaisha 31 Julai, mnatumia 50 kwa mwezi. Miezi mitano zitatoka 250, zinabaki 350, kwa hiyo hasara inayokuja ni 420,000, hiyo ndiyo namba ya kumpelekea inchaji.
Sasa amoksilini, mnatumia kapsuli 4,000 kwa mwezi kwa sh 60. Bachi ya kwanza 9,000 inaisha 31 Mei, miezi mitatu mtatumia 12,000, salama. Bachi ya pili 8,000 inaisha 30 Juni. Ukiipigia hesabu peke yake, miezi minne ni 16,000, utasema salama. Siyo salama, maana katika hizo 16,000 bachi ya kwanza imeshachukua 9,000, imebaki nafasi ya 7,000 tu, kwa hiyo kapsuli 1,000 zinabaki, sh 60,000. Lazima mpige hesabu kwa dawa nzima, bachi moja baada ya nyingine.

stoo_wilayani
Mzee hii ya amoksilini sikuwahi kuiona hivyo, naona listi yangu ilikuwa inapitisha bachi za pili zote kama hazina shida.

dada_wa_dirishani
Naomba na hili liingie. Metformini nampa mgonjwa dozi ya siku 30, kwa hiyo bachi inayoisha 30 Juni mwisho wangu wa kuitoa ni kama tarehe 31 Mei, siyo 30 Juni. Kwa dawa za kisukari na presha wekeni kolamu ya "mwisho wa kutoa" na mpange kwa hiyo.

KaluluMfamasia
Sawa nimekubali kuhusu mwezi. Ila matumizi ya mwezi mnayatoa wapi? Mkichukua wastani wa miezi mitatu na mmoja wapo dawa haikuwepo stoo, wastani unashuka na mtaona hasara isiyokuwepo. Na ALu msimu wa mvua inatoka tofauti kabisa na kiangazi.

MzeeWaLeja
Mwezi ambao dawa haikuwepo uutoe kwenye wastani. Kwa ALu mimi natumia miezi hiyohiyo ya mwaka jana, ingawa mwaka wenye mvua chache inanidanganya, na hapo bado sijapata njia ninayoiamini.

stoo_wilayani
Basi ya Aprili naipanga kwa mwezi wa mwisho wa kutoa, halafu thamani ya kitakachobaki. Swali moja, zile zilizoko wodini mnazihesabu humo au listi ni ya stoo na dirisha tu? Kwetu wodi hazirekodi namba za bachi.